Sekunde 30 zako zina irabu 124

Mpwa wangu alikuja kwangu Mfaranyaki Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Songea ikiwa bado haijaachia, amevaa sweta na ameshika simu kama mtu aliyebeba barua ya mahakamani. Alikuwa amefungua ukurasa wake LinkedIn, na mtu mmoja alimwambia kwamba wanaotafuta makarani siku hizi wanapenda kumwona mtu akijieleza kwa video fupi kabla hawajamwita kwenye usaili. Sekunde 30, si zaidi. Alikuwa amejaribu mara 11 usiku uliopita na kufuta zote. "Mjomba," aliniambia, "sauti si yangu ile. Na nikifika katikati, muda umeisha."

Niliwahi kusoma taarifa redioni kwa miaka kadhaa, na kitu cha kwanza nilichofundishwa kule ni kwamba mtu mwenye woga hatibiwi kwa kuambiwa asiogope. Anaandikiwa maandishi ambayo mwoga anaweza kuyasoma. Woga una tabia zinazojulikana: unakata pumzi, unaharakisha ulimi, unakausha mdomo, na unameza neno la mwisho la kila sentensi. Maandishi yakiandikwa kwa kujua hayo manne, msemaji atafika mwisho hata kama magoti yanatetemeka. Kwa hiyo sikumwambia arekodi tena. Nilimwambia aweke simu mezani, achukue kalamu.

Aliniandikia alichokuwa akikisema usiku. Kilianza hivi: "Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia afya njema." Kikaendelea na majina yake matatu, mahali alipozaliwa, kisha: "Mimi ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita." Baada ya hapo ndipo ikaja elimu, halafu mchapakazi, mwaminifu, mbunifu, awezaye kufanya kazi kwa usimamizi mdogo. Kazi yenyewe aliyowahi kuifanya, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa dhahabu, haikuwamo kabisa, kwa sababu muda ulikuwa unaisha kabla hajaifikia.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hili ndilo linalowakwamisha wengi wetu. Tumekulia kwenye hotuba. Kila tarehe 27 Februari, tunapowakumbuka pale Mahenge, hapahapa Songea, mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, msemaji hawezi kusimama akaanza na hoja. Lazima awasalimu wazee, viongozi na wageni, kila mmoja kwa heshima yake, na ni haki yao, kwa kuwa wametoka mbali na wamekaa juani. Hadhira ya namna hiyo ipo mbele yako, na salamu ndefu inaifungua mioyo yao. Lakini anayetazama video kwenye ukurasa wako yuko peke yake, kidole kiko juu ya kioo, na hajakaa bado. Salamu ndefu kwake haifungui kitu. Adabu anayoihitaji ni kuambiwa mapema wewe ni nani na unaweza kumfanyia nini. Kwa hiyo unapoacha "awali ya yote" hujakosa adabu, umemheshimu mtazamaji kwa namna inayomfaa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mpwa wangu aliona aibu kweli kuifuta ile sentensi, na najua hayuko peke yake.

Sasa tuipime, tuone ilikuwa inamgharimu nini.

Ushauri mwingi wa kuandika maneno ya video huhesabu maneno, na hesabu hizo zimetoka kwenye lugha ambazo maneno yake ni mafupi. Kiswahili hakipimiki vizuri hivyo. Neno letu moja laweza kuwa "na" na laweza kuwa "walipokwishawasilisha". Lakini lugha yetu imetupa kipimo kingine ambacho ni rahisi mno: silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ukihesabu a, e, i, o, u katika sentensi umeshapata urefu wake wa kutamka. Ziko silabi chache ambazo hazina irabu, kama ile m ya "mtu", lakini katika sekunde 30 tofauti yake ni ndogo na unaweza kuiacha. Mtu anayezungumza kwa utulivu, kama anayemweleza mgeni njia, kwa kipimo changu hutamka irabu kama tano kwa sekunde. Usiniamini bure. Soma kwa sauti ukurasa wowote wa gazeti kwa sekunde 30 huku simu ikihesabu muda, weka alama ulipofika, kisha hesabu irabu na ugawe kwa 30. Ukipata tano au karibu na tano, endelea nami. Ukipata sita na nusu, wewe ni wa kasi, na kwenye woga utakuwa wa kasi zaidi, kwa hiyo andika vilevile kwa tano na ujifunze kupunguza.

"Awali ya yote" yake ilikuwa na irabu 36. Hizo ni sekunde saba zimekwenda, na mtazamaji hajasikia hata jina. Mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita ni irabu 21, sekunde nyingine nne. Karibu sekunde 11 kati ya 30, zaidi ya theluthi, zilikuwa zimetumika kwa mambo ambayo mwajiri hakuyauliza. Alipoiona hesabu hiyo kwa macho yake, kufuta hakukumuuma tena.

Wala usichukue irabu 150 kwa sababu tu 30 mara tano ni 150. Unahitaji sekunde moja ya ukimya mwanzoni kabla hujafungua mdomo na nyingine mwishoni, la sivyo video inaanza na neno lililokatwa na kuishia na mkono unaoikimbilia simu. Kati ya sentensi na sentensi unahitaji nusu sekunde ya kuvuta pumzi. Ukiwa na sentensi sita, mapumziko ni matano, yaani sekunde mbili na nusu. Ukitoa hizo zote unabakiwa na sekunde 25 na nusu za kuzungumza, ambazo ni irabu 127. Hiyo ndiyo dari. Mwenye kigugumizi ajipe 90 na asiombe radhi popote ndani ya video, kwa sababu nafasi ya kupumua ndiyo atakayoihitaji, na maneno machache yaliyofika yote yanamtosha mtazamaji.

Baada ya kipimo, nini kiingie? Nilimuuliza mpwa wangu swali moja: umewahi kufanya nini kwa mikono yako ambacho mwenye ofisi angelipia? Akajibu kwamba alikuwa karani tu, huko Namtumbo. Nikamwambia aniondolee "tu" na aniambie ilikuwaje.

Akasimulia. Misimu miwili ya ufuta alikaa kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika. Mkulima anashusha gunia, linapimwa, yeye anaandika kilo kwenye daftari na mkulima anapewa stakabadhi yake. Ufuta wetu unauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa hiyo karatasi ile ndiyo pesa ya mkulima. Mnada unafanyika baadaye, malipo yanakuja baadaye zaidi, na kitu pekee kinachoonyesha kwamba zile kilo 83 ni za fulani na si za jirani yake ni maandishi ya karani. Akaniambia kwamba kila jioni, kabla hawajafunga, alikuwa anakaa na kulinganisha daftari na nakala za stakabadhi, mstari kwa mstari, na kama kilo hazikukubaliana hakuna aliyeondoka mpaka kosa lipatikane. Alisimulia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuharakisha, macho yamenikazia. Sauti aliyosema si yake usiku ule ilikuwa imerudi, kwa sababu alikuwa anasema jambo analolijua.

Ndiyo maana nasema katikati ya maandishi yako lazima pakae tendo moja lililotokea, lenye mahali na kitu kinachoshikika. "Mwaminifu" hakuna anayeweza kulithibitisha, na kila mtu analisema. Karani ambaye hafungi kazi mpaka kilo zikubaliane ni mwaminifu bila kulitaja neno hilo. Kuna faida ya pili, ambayo kwa mwoga ni kubwa kuliko ya kwanza: tendo ulilolifanya unalikumbuka kama picha, na picha haikimbii kichwani woga ukija. Orodha ya sifa inakimbia.

Tuliandika, tukafuta, tukaandika. Haya ndiyo yaliyobaki, nami nimeacha nafasi ya jina lake:

Habari. Naitwa …… ……, nipo Songea.
Ni karani wa hesabu.
Misimu miwili nimeandika mizani ya ufuta, Namtumbo.
Sikufunga kazi bila daftari na stakabadhi kusoma kilo zilezile.
Natafuta kazi ya kutunza hesabu, Songea au mkoa wowote.
Wasifu wangu upo hapa chini. Karibu, niandikie, nitajibu siku hiyohiyo.

Majina yake mawili yana irabu saba, kwa hiyo mstari wa kwanza ni irabu 18. Wa pili ni 8, wa tatu 21, wa nne 25, wa tano 23 na wa mwisho 29. Jumla 124. Ukigawa kwa tano unapata karibu sekunde 25, ongeza mapumziko na ukimya wa pande mbili, unafika kwenye 29 na nusu. Nusu sekunde inabaki ya kumeza mate kwenye ile nukta iliyo katikati ya mstari wa mwisho.

Angalia jinsi mistari ilivyopangwa, maana kila mmoja unajibu woga wa aina yake. Wa kwanza ni maneno ambayo amekwisha kuyasema maelfu ya mara maishani. Mwanzo ndipo mapigo ya moyo yanapokuwa juu zaidi, na hapo hutakiwi kuweka kitu kigeni mdomoni. Wa pili ni mfupi kuliko yote kwa makusudi. Baada ya kutaja jina mtu mwenye woga huwa amemaliza pumzi, kwa hiyo anapewa sentensi ya irabu nane ili apate nafasi ya kuvuta nyingine. Ule mrefu wa irabu 25 unakuja wa nne, mwili ukiwa umeanza kuizoea hali. Mtu mtulivu anaweza kubeba irabu 50 kwa pumzi moja bila shida. Mwoga, kwa nilivyowaona studioni, anabeba kama nusu yake. Kwa hiyo sentensi yoyote inayozidi 25 ivunje, au iwekee nukta ya kupumua katikati kama ulivyo mstari wa mwisho.

Mstari wa nne una historia yake. Mwanzoni tulikuwa tumeandika "Kila jioni nililinganisha daftari na stakabadhi," na kila alipofika pale ulimi ulikwama. Nililinganisha. Litamke mara tatu haraka uone. Ni, li, li, nga, ni: ulimi unagonga sehemu ileile ya juu ya mdomo mara tatu mfululizo, unarudi nyuma kwenye nga, kisha unagonga palepale tena, na mdomo mkavu haugongi vizuri. Wala halikuwa kosa lake. Kiswahili kinaturuhusu kubandika viambishi mpaka neno moja libebe sentensi nzima, na kwenye karatasi linapendeza, lakini kwa mtu anayetetemeka neno kama hilo ni kisiki. Kanuni yangu ni hii: neno lililokukwaza mara mbili lifute, usilifanyie mazoezi. Tafuta njia nyingine ya kusema jambo lilelile. Lugha ni pana, na hakuna neno hata moja ambalo video ya sekunde 30 haiwezi kuishi bila hilo.

Kuhusu jina lako mwenyewe. Ni ajabu, lakini jina ndilo linalosemwa vibaya kuliko kitu chochote kwenye video hizi. Msemaji analijua mno, kwa hiyo analitupa, majina mawili yanashikana na kuwa neno moja lisiloeleweka. Anayesikiliza hajawahi kulisikia. Tamka la kwanza, acha nafasi ndogo, tamka la pili, acha nafasi nyingine kabla ya "nipo Songea". Kwenye karatasi tuliweka mikwaju miwili baada ya kila jina. Na kwa kuwa sauti ya Kiswahili inashuka mwishoni mwa sentensi, na mwoga anaishusha mpaka chini kabisa, mwambie mtu akae mwisho wa chumba asikilize neno la mwisho la kila mstari: Songea, hesabu, Namtumbo, zilezile, wowote, hiyohiyo. Asilolisikia, lirudie ukiwa umelikazia silabi ya pili kutoka mwisho, pale mkazo wetu unapokaa karibu siku zote.

Namba ya simu usiitaje. Inakula sekunde tano, hakuna atakayeikumbuka, na ukiiweka hadharani inawafikia hata wasiohitaji karani. Ujumbe wa ndani ya ukurasa unatosha. Na ile ahadi ya kujibu siku hiyohiyo iweke tu kama utaitimiza. Mpwa wangu alisita hapo, akafikiria umeme na bando, kisha akasema ataweza. Kama angesema hapana tungeiondoa.

Watu huniuliza kama waseme Kiingereza. Jibu langu ni kwamba lugha ya video ifuate lugha ya kazi. Anayemtafuta karani wa ghala Songea, Mbinga au Tunduru atazungumza naye Kiswahili kuanzia siku ya kwanza. Kama unaomba kazi ambayo barua zake ni za Kiingereza, rekodi ya pili peke yake, uiandike upya kutoka mwanzo, wala usitumie hesabu ya irabu niliyokupa, kwa sababu Kiingereza hakipimwi hivyo. Kuchanganya lugha mbili ndani ya sekunde 30 kunamfanya mwoga akwame kwenye kivuko. Na lafudhi yako ya Kingoni, Kimatengo au Kiyao iache ilivyo. Anayejaribu kuificha anaanza kujisikiliza, na anayejisikiliza anapoteza mstari.

Sasa maandishi yapo. Usiyakariri kama shairi. Aliyekariri neno kwa neno, akisahau moja, yote yanadondoka. Soma karatasi kwa sauti mara tano, kisha ifunike na ubaki na neno moja kwa kila mstari: jina, karani, mizani, kilo, natafuta, karibu. Maneno hayo sita tuliyaandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, tukakibandika ukutani nyuma ya simu, karibu na kamera yake. Jicho likipotea linarudi pale bila kuhama sana. Ukiweka karatasi nzima ya kusoma, macho yanatembea kushoto kwenda kulia na mtazamaji anaona.

Simu yenyewe iwe sawa na macho yako. Sisi tuliweka stuli juu ya meza, na juu ya stuli vitabu vinne, simu ikaegemea chupa ya maji. Ikiwa chini, unaonekana unamwinamia mtazamaji na shingo inabana sauti. Umbali uwe kama mkono mmoja ulionyooshwa, usizidi sana, kwa kuwa kipaza sauti cha simu ni kidogo na ukirudi nyuma kinasikia chumba kuliko wewe. Kamera ya mbele ina kasoro moja: unaiona sura yako, na mwoga hawezi kuacha kuitazama. Funika kioo kwa kipande cha karatasi, ukiiacha wazi kamera peke yake. Hilo peke yake lilimtuliza mpwa wangu kuliko maneno yote niliyomwambia.

Dirisha liwe mbele yako, si nyuma. Mwanga ukitoka nyuma sura inakuwa kivuli. Saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi panafaa, jua halijapanda sana. Nyumba nyingi za kwetu zimeezekwa bati na baadhi hazina dari, kwa hiyo sauti inarudi kama uko ndani ya pipa. Tulitundika blanketi ukutani nyuma ya simu na kutandika godoro sakafuni, na mwangwi ukapungua sana. Kuanzia Desemba mpaka Aprili usipange kurekodi alasiri, maana mvua ikigonga bati hakuna maandishi yatakayosikika. Chomoa friji kwa dakika kumi kama lipo chumba cha jirani, na weka simu kwenye Airplane mode, kwani simu ikipigwa katikati inakata video.

Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilimpa daftari ashike kwa mikono yote miwili, chini kidogo ya kifua. Daftari tupu, nasisitiza. Kurasa zenye majina ya wakulima na kilo zao si mali yake kuzionyesha. Alikaa kwenye ncha ya stuli nyingine, nyayo mbili zimegusa sakafu, kwa sababu anayesimama huyumba bila kujua. Alikunywa maji ya vuguvugu, si soda ya baridi, na asubuhi ile hasa ya mwezi wa saba ilikuwa muhimu, maana taya lililoganda kwa baridi linatafuna maneno.

Halafu pumzi. Watu wengi wakiambiwa wajiandae, wanavuta pumzi kubwa na kuishikilia, wanaanza kusema kifua kimejaa na sauti inatoka ya juu na nyembamba. Fanya kinyume. Bonyeza kurekodi, kisha toa pumzi yote polepole, acha ndogo iingie yenyewe, na useme "Habari" juu ya hiyo ndogo. Ukimaliza "hiyohiyo", endelea kuitazama kamera ukihesabu kimya moja, mbili. Mwanzo na mwisho utavipunguza baadaye kwenye simu.

Rekodi mara sita, kisha simama. Baada ya hapo sauti inachoka na uso unaanza kukunjamana. Kama zote sita hazifai, tatizo liko kwenye maandishi. Rudi kwenye karatasi utafute neno linalokukwaza au mstari mrefu. Ya kwanza ya mpwa wangu ilikuwa sekunde 23, na kwa kuwa maandishi ni yaleyale, hiyo ilituambia kwamba alikimbia. Ya pili ilikuwa 25. Ya tatu aliteleza kwenye "stakabadhi", akacheka, tukaifuta. Ya nne ilikuwa 28 lakini pikipiki ya bodaboda ilipita. Ya tano ilikuwa 29, na ndani yake alirudia neno "kutunza" mara mbili bila kusimama. Nilimwambia aiache hivyo. Kurudia neno na kuendelea kunasikika kama mtu anayezungumza, na mwajiri yeyote atamsikia akifanya hivyo ofisini kila siku.

Kabla hujaiweka, ijaribu kwa njia mbili. Ilaze simu kifudifudi uisikilize bila kuitazama: utagundua mahali ulipokimbia na neno ulilolimeza. Kisha mpe mtu asiyekujua vizuri aitazame mara moja tu, asirudie, halafu muulize mambo matatu: naitwa nani, nafanya kazi gani, natafuta nini. Usimuulize kama imependeza, kwani atakuwa mwema na hutajifunza kitu. Sisi tulimpelekea mama anayeuza vitumbua njiani kuelekea Majengo. Alijibu jina, akajibu karani wa ufuta, akajibu anatafuta kazi ya hesabu. Kisha akamuuliza mpwa wangu, "Kwani mwanangu, zile kilo zisipolingana mlikuwa mnafanyaje?" Akamweleza papo hapo, amesimama kando ya karai la mafuta, kwa sauti ileile aliyoitumia kwenye video.

Kabla hujagusa simu yako, ewe unayesoma, chukua karatasi na uandike mstari wako wa nne tu, ule wa tendo ulilolifanya. Hesabu irabu zake. Zikizidi 25, punguza.